Sauti Isirudi Ilikotoka

Makanisa ya Kenya yalipofungwa Machi 2020, kurusha ibada mtandaoni hakukuwa na fidibaki. Ukumbi ulikuwa mtupu. Mchungaji alisimama mbele ya kamera akiwa na maiki moja, spika zimezimwa, na sauti iliyotoka kwenye maiki iliingia kwenye kompyuta ikaenda zake. Vijana wengi waliojifunza kazi hii miezi ile waliona ni kazi nyepesi, na kwa hali ilivyokuwa walikuwa na haki ya kuona hivyo.

Mambo yalibadilika Julai. Tarehe 6 mwezi huo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwa nyumba za ibada zingefunguliwa kwa masharti: waumini wasizidi 100, ibada isipite saa moja, na wasiingie walio chini ya miaka 13 wala waliozidi 58. Kwetu Machakos, katika kanisa la mabati chini ya vilima vya Iveti nilikokuwa fundi wa mitambo, masharti hayo yalitupa makusanyiko mawili kwa wakati mmoja. Ndani walikuwepo watu mia waliohitaji spika. Huko Mutituni, Kathiani na Masii walikuwepo wazee wetu, wale waliolijenga kanisa lenyewe, na wao walibaki nyumbani na simu za wajukuu. Spika zikawashwa tena, na kompyuta haikuweza kuondolewa. Kuanzia hapo sauti ikawa na njia ya kurudi ilikotoka.

Jambo lililonisaidia kuliko mengine yote katika miezi iliyofuata ni kusikiliza muda. Sauti iliyorudi huwa imechelewa, na kiasi cha kuchelewa kwake hukuambia imepitia wapi.

Fidibaki ya ukumbini kila muumini anaijua. Maiki inaisikia spika, miksa inaikuza sauti hiyo, spika inaitoa tena ikiwa na nguvu zaidi, na duara likizunguka bila kupungua hutokea mbinja inayokwaruza masikio. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Spika ikiwa mita tatu kutoka kwenye maiki, safari hiyo huchukua kama milisekunde 9, maana yake duara linakamilika zaidi ya mara mia kwa sekunde moja. Sikio haliwezi kuitenga mizunguko hiyo. Linasikia mlio mmoja mrefu.

Duara linalopita ndani ya kompyuta halilii hivyo. Kompyuta huipokea sauti kwa mafungu madogo, huyaweka kidogo, kisha huyatoa. Katika kompyuta ya kawaida ya Windows, kuingia na kutoka huweza kuchukua makumi ya milisekunde, na mara nyingine huvuka mia. Kwa hiyo mbinja haiji kwanza. Kinachokuja ni kigugumizi: mchungaji anasema "Bwana" na spika zinajibu "wana-wana-ana-ana", kila mrudio ukiwa mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka ukumbi mzima unanguruma.

Ipo na aina ya tatu, ambayo huchelewa kwa sekunde nyingi. Mtu wa benchi la nyuma amefungua matangazo kwenye simu yake ili aone kama yanakwenda vizuri, sauti iko juu, na maiki iliyo karibu inaisikia. Sauti hiyo imeshasafiri hadi mtandaoni na kurudi, safari ya sekunde kumi, ishirini au zaidi. Hapo husikii neno likijirudia. Unasikia sentensi kamili ambayo mchungaji aliimaliza kitambo.

Ukisikia mbinja, basi, tazama maiki na spika. Ukisikia kigugumizi, tazama kompyuta na waya zake. Ukisikia sentensi ya zamani, tafuta simu, au ukurasa wa matangazo ulioachwa wazi mahali fulani. Katika ibada ya saa moja fundi hana nafasi ya kugusa kila kitu kwa kubahatisha, na mzee wa kanisa anayekupungia mkono kutoka benchi la mbele ukishushe kila kitu hajui kwamba si kila kitu kina kosa.

Nieleze kwanza vifaa vilivyokuwepo, maana njia ya sauti ndiyo hadithi yenyewe. Miksa yetu ilikuwa ya chaneli 12, ya kizamani, isiyo na tundu la USB. Kila chaneli ilikuwa na kitelezi chake cha kupeleka sauti kwenye MAIN, yaani kwenye spika kubwa, na juu yake nobu mbili zilizoandikwa AUX 1 na AUX 2. Nobu za AUX hutengeneza mchanganyiko mwingine, usiotegemea ule wa spika kubwa. AUX 1 ililisha spika ndogo ya kwaya. AUX 2 ilikuwa haina kazi, tukaipa kazi ya wazee wa nyumbani.

Kutoka AUX 2 waya uliingia kwenye kisanduku kidogo cha USB, Behringer UCA202, na kisanduku kikaingia kwenye kompyuta. Kwa nini kisanduku, ilhali kompyuta ina tundu lake la maiki? Kwa sababu tundu hilo limetengenezwa kwa maiki ndogo inayotoa umeme wa milivolti chache tu, na huipokea sauti kama ya upande mmoja. Miksa hutoa nyingi mno kuliko hizo. Ukiiunganisha hapo, sauti hukwaruza hata ukishusha kila kitu, kwa sababu imeshaharibika mlangoni kabla ya programu yoyote kuigusa. Hata kisanduku chenyewe kinahitaji heshima. Miksa ya jukwaani inapofanya kazi kwa kiwango chake cha kawaida hutoa takriban volti 1.23, na vifaa vya nyumbani vya aina ya kisanduku hiki vimezoea takriban volti 0.32. Tofauti hiyo ni kama mara nne, au desibeli 12. Kwa kuwa kisanduku hakina nobu ya kupunguza kinachoingia, kupunguza hufanywa kwenye nobu kuu ya AUX 2. Tulikuwa tunamwomba mchungaji aseme kwa sauti yake ya mahubiri yenyewe, ile ya mwishoni, kisha tunaigeuza nobu hadi mstari wa sauti kwenye OBS ucheze kwenye sehemu ya njano, kati ya -20 na -9, na uguse nyekundu kwa nadra.

Waya nao ulikuwa na kisa chake. Waya wa kwanza tulioletewa ulikuwa na plagi kubwa yenye pete mbili nyeusi upande wa miksa, na plagi mbili za RCA upande wa pili, nyeupe na nyekundu. Kwenye hedifoni ulifanya kazi. Jumapili hiyo susu mmoja wa Kathiani akampigia mjukuu wake aliyekuwa kwenye kamera: "Mjukuu, mchungaji anafungua mdomo lakini sisikii neno." Mwingine akapiga, na mwingine, huku sisi tukisikia vizuri kabisa.

Sababu ni hii. Tundu la AUX la baadhi ya miksa hutoa sauti ile ile mara mbili kwenye plagi moja, nakala ya pili ikiwa imegeuzwa kinyume, ili waya mrefu usiokote kelele. Waya wetu ulizichukua nakala hizo mbili ukaipeleka moja kushoto na nyingine kulia. Mwenye hedifoni alisikia kila moja kwa sikio lake. Simu yenye spika moja huzijumlisha kushoto na kulia pamoja, na kitu kikijumlishwa na kinyume chake hakibaki chochote. Tuliubadilisha waya kwa wenye plagi yenye pete moja tu, unaogawanyika kwenda RCA mbili, na wazee wakasikia. Tangu wakati huo sijawahi kuidhinisha sauti ya matangazo kwa hedifoni peke yake. Naisikiliza pia kwenye spika ya simu ya kawaida, nje ya ukumbi, kwa kuwa ndicho kifaa kilicho mkononi mwa msikilizaji.

Sasa nirudi kwenye kigugumizi, kwa sababu kilitupata kikiwa kamili.

Kompyuta tuliyoanza nayo ilirudishwa kwa mwenyewe, tukaazimwa nyingine. Kijana wa kamera aliiunganisha mapema, OBS ikafunguka, picha ikaonekana, mstari wa sauti ukacheza. Kwenye kile kisanduku kulikuwa na waya wa pili pia, uliotoka kwenye matundu ya OUTPUT kwenda chaneli 11 na 12 za miksa. Huo ndio ulioleta nyimbo za ala kutoka kwenye kompyuta ili kwaya iimbe juu yake. Na kwa kuwa wazee wa nyumbani nao walitakiwa kuzisikia ala hizo, nobu ya AUX 2 ya chaneli hiyo ilikuwa imefunguliwa. Mpangilio huo ulifanya kazi wiki nyingi bila shida.

Maombi ya kwanza yalipita salama kwa kuwa chaneli 11 na 12 zilikuwa bado zimeshushwa. Kwaya iliposimama, kijana akapandisha kitelezi cha chaneli hizo, na papo hapo mwalimu wa kwaya alipowaambia "Tusimame" kanisa likasikia "mame-mame-ame-ame" likipanda. Watu wakashika masikio. Aliyekuwa karibu na spika akakimbilia kuzishusha, na mwingine akaanza kuzifunga maiki za kwaya moja moja.

Kigugumizi, si mbinja. Niliwaomba waziache maiki, nikashusha chaneli 11 na 12. Kukawa kimya wakati ule ule, huku maiki zote zikiwa wazi. Hapo tayari tulijua duara linapitia kwenye kompyuta. Kwaya ikaimba bila ala, na wakaimba vizuri, sauti nne kama walivyozoea kabla ya kuwepo kompyuta yoyote.

Baada ya ibada tulilifuata duara hatua kwa hatua. Maiki kwenda AUX 2, AUX 2 kwenda kwenye kisanduku, kisanduku kwenda kwenye kompyuta. Mpaka hapo ni njia ya kwenda tu. Ili duara litimie, lazima kompyuta iwe inaitoa tena sauti inayoipokea. OBS haikuwa mkosaji: kwenye Advanced Audio Properties, mstari wa Audio Monitoring ulisomeka Monitor Off, na ndivyo unavyotakiwa kusomeka. Tukaifunga OBS kabisa, tukafungua chaneli 11, na kigugumizi kikarudi. Basi ilikuwa Windows yenyewe. Tulifungua orodha ya vifaa vya kurekodia, tukaingia kwenye Properties za kisanduku, ambacho Windows hukiita USB Audio CODEC, na kwenye ukurasa wa Listen tukakuta alama ya tiki kwenye Listen to this device. Mwenye kompyuta aliiweka zamani alipotumia kisanduku kama hicho kwa shughuli zake, na kwa shughuli zake ilikuwa sawa. Tiki hiyo huiamuru kompyuta itoe kupitia spika zake kila kinachoingia kwenye kifaa. Na kwa kuwa Windows, unapochomeka kifaa kipya cha sauti cha USB, mara nyingi hukifanya ndicho spika kuu ya kompyuta, "spika" yenyewe ilikuwa ni kile kile kisanduku, na mbele yake chaneli 11.

Linalofaa kuangaliwa ni kwamba hakuna kosa moja hapo ambalo peke yake lingefanya hivyo. Nobu ya AUX 2 ya chaneli 11 ikiwa wazi na tiki haipo, hakuna duara, ndiyo sababu wiki zote zile zilikuwa tulivu. Tiki ikiwepo na nobu imefungwa, ukumbi unasikia kila neno mara mbili, moja likiwa limechelewa, lakini ndani ya waya haliongezeki. Litaongezeka tu kama maiki itaiokota nakala hiyo kutoka kwenye spika. Yakikutana yote mawili, sauti inazunguka ndani ya waya na kompyuta bila kuhitaji hewa wala maiki, na kuzifunga maiki hakusaidii kitu kwani kilichoanza kuzunguka kinajilisha chenyewe.

Tuliiondoa tiki. Lakini hatukuishia hapo, maana kompyuta inayofuata ingeweza kuja na tiki yake. Nyimbo za ala tukazihamishia kwenye simu iliyochomekwa kwenye chaneli nyingine. Simu hiyo hutoa sauti na haipokei chochote kutoka kwenye miksa, kwa hiyo hata nobu zake zote za AUX zikifunguliwa hakuna njia ya kurudi. Kisha tukaung'oa waya wa OUTPUT kwenye kisanduku. Kompyuta ikabaki kiumbe cha kusikiliza tu. Kwenye OBS tukaweka hivi, na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa mezani:

```
Desktop Audio: Disabled
Mic/Auxiliary Audio: USB Audio CODEC
Audio Monitoring: Monitor Off
```

Mstari wa kwanza una sababu yake. Desktop Audio hubeba kila kinacholia ndani ya kompyuta, na kijana akifungua ukurasa wa matangazo kuangalia maoni ya watazamaji, sauti ya ukurasa huo huingia tena kwenye matangazo ikiwa imechelewa sekunde kadhaa. Ukumbini hakuna anayesikia tatizo hilo. Wanalisikia wa nyumbani peke yao. Kwenye mstari wa pili tulihakikisha pia kwamba maiki ya kompyuta yenyewe na ile ya kamera hazijachaguliwa popote, kwa sababu zinausikia ukumbi kutoka mbali na kuweka kivuli nyuma ya kila neno.

Njia ya kurudi ilipokufa, tuligundua kwamba matangazo yetu yalikuwa makavu mno. Mchungaji alisikika kama yuko kabatini. Kwaya ilisikika, lakini kusanyiko lilipoitikia, hakuna aliyesikika: watu mia wanaimba kwa Kikamba chini ya mabati, na aliye Masii anasikia kinanda na sauti ya kiongozi peke yake. Wazee hawakulalamika kuhusu ubora wa sauti. Walisema wanahisi kama kanisa ni tupu bado.

Hapa ndipo miksa inapompa fundi nafasi ambayo wengi hawaitumii. Maiki isiyofika kwenye spika haiwezi kutengeneza fidibaki. Tulisimamisha maiki mbili zikitazama watu, vitelezi vyao vya MAIN vimeshushwa hadi chini, na nobu zao za AUX 2 zimefunguliwa. Ukumbi hauzisikii kabisa, nyumbani wanazisikia, na unaweza kuzipandisha kwa kiasi ambacho maiki ya kwaya ingepiga mbinja kitambo.

Ili hilo liwezekane, AUX 2 lazima iwe PRE, yaani ichukue sauti kabla ya kitelezi. Ikiwa POST, ukishusha kitelezi umeifunga na AUX pia. Miksa yetu ilikuwa na kitufe cha kuchagua, na tulikibonyeza. PRE ina tahadhari yake moja: mchungaji akimaliza mahubiri na wewe ukashusha kitelezi chake tu, ukumbi hausikii tena lakini nyumbani bado wanasikia anachomnong'oneza mzee aliye kando yake. Kwa miksa yetu kitufe cha MUTE kilifunga vyote viwili, kwa hiyo sheria ikawa kwamba maiki hufungwa kwa MUTE, na kitelezi ni cha kurekebisha tu.

Mahali pa kuziweka maiki hizo pia ni suala la muda. Mara ya kwanza zilifungwa kwenye nguzo za nyuma, kama mita 20 kutoka kwenye spika, ili zikusanye watu wengi. Sauti ya mahubiri ilizifikia kupitia hewani ikiwa imechelewa karibu milisekunde 60 nyuma ya ile iliyopita kwenye waya, na nyumbani mchungaji akasikika kama anahubiri ndani ya tangi la maji. Tulizihamishia mbele, kando ya kwaya, nyuma kidogo ya mstari wa spika, zikiwaelekea watu na kuzipa spika kisogo. Kuchelewa kukashuka hadi milisekunde chache, na sauti ya watu ikabaki. Wakati wa mahubiri tunazipunguza, wakati wa nyimbo tunazipandisha. Novemba, mvua ikianza kupiga mabati, zinashuka karibu hadi mwisho, kwani mabati chini ya mvua yanashinda kwaya yoyote. Kwa Ukambani sijawahi kusikia mtu wa nyumbani akilaumu mvua kusikika.

Waya wa OUTPUT ulikaa kabatini hadi tulipopata ibada ya mazishi ambayo mtoto wa marehemu alikuwa Doha na hakuweza kusafiri. Familia iliomba asome wasifu wa baba yake kupitia Zoom, ukumbi umsikie, jamaa wanaofuatilia mtandaoni wamsikie, naye awasikie wote. Hakukuwa na namna. Kompyuta ilibidi iongee tena.

Kwenye Zoom tulichagua USB Audio CODEC pande zote mbili, Microphone na Speaker. Sauti yake ikatoka kwenye kisanduku na kuingia chaneli 11 na 12, kitelezi cha MAIN wazi, AUX 2 imefungwa kabisa. AUX 1 ya chaneli hiyo tuliifunga pia, ili isitoke kwenye spika ndogo iliyo miguuni pa maiki za kwaya. AUX 2 ikawa na kila mtu aliye ukumbini isipokuwa yeye. Hicho ndicho anachotakiwa kusikia mtu aliye upande wa pili wa simu: wote, bila yeye mwenyewe.

Ila AUX 2 ndiyo pia iliyolisha matangazo, na sasa yeye hayumo ndani yake. Jamaa walioko mtandaoni wangemwona akisoma kimya. Kwa hiyo siku hiyo peke yake tuliiwasha Desktop Audio kwenye OBS, tukaielekeza kwenye kisanduku kile kile. Sauti yake ikawafikia watazamaji kwa kupitia ndani ya kompyuta, ya ukumbi kwa kupitia AUX 2, na mbili hizo hazikukutana kwenye waya wowote unaorudi nyuma. Kurasa zote za matangazo kwenye kompyuta hiyo zilifungwa, na anayetaka kusoma maoni akayasoma kwenye simu iliyonyamazishwa.

Tulijaribu naye asubuhi kabla mwili haujafika. Kwanza tukashusha MAIN ya chaneli 11 na kumwomba ahesabu moja hadi kumi. "Unajisikia, ndugu?" Akasema hapana. Hapo tulijua waya ni safi, kwa kuwa spika zilikuwa hazimtoi. Kisha tukapandisha MAIN polepole akiendelea kuhesabu, na alipofika sita akasimama: "Sasa najisikia, nachelewa nyuma yangu." Kilichobaki, basi, kilikuwa hewani: spika za ukumbi zilimtoa, maiki za mbele zikamwokota, AUX 2 ikamrudishia. Zoom hujaribu yenyewe kuufuta mrudio wa namna hiyo, na huweza, lakini ukiwa mkubwa hukata maneno ya anayeongea, na wasifu wa mzazi hausomwi vipande vipande.

Dawa ikawa kufunga maiki zote anaposoma, zikiwemo zile mbili zinazowatazama watu, na kumwachia mchungaji moja ya mkononi, nayo kwenye MUTE hadi atakapotaka kumjibu. Tulimweleza mapema kwamba akisoma hatasikia ukumbi, asidhani simu imekatika. Alisema ni sawa, mradi afunguliwe maiki watakapoanza kuimba. Kijana wa kamera akaiandika saa hiyo kwenye ratiba, kando ya jina la wimbo, na akakaa na kidole kwenye kitufe.